Mbano wa Wauzaji wa Hisa za Kukopa: Kwa Nini Bei Hupaa Ghafla, na Nani Hubaki na Hasara

Mwekezaji anayefuatilia masoko ya hisa hukutana mara kwa mara na habari ya kampuni ambayo bei ya hisa zake imepanda maradufu kwa siku mbili au tatu, ilhali kampuni yenyewe haijaongeza mauzo, haijatangaza faida mpya wala haijapata mkataba wowote mkubwa. Pengine kampuni hiyo ndiyo kwanza ilikuwa ikisemwa kuwa inadorora. Mtu anayeiona bei hiyo ikipanda hudhani kwamba kuna jambo jema ambalo wengine wamelijua kabla yake, naye hukimbilia kununua.

Mara nyingi hakuna jambo jema lililofichika. Kinachotokea ni kwamba kundi la watu waliouza hisa wasizokuwa nazo limelazimika kuzinunua kwa wakati mmoja, na hisa zilizopo sokoni hazitoshi. Hali hiyo huitwa mbano wa wauzaji wa hisa za kukopa. Makala haya yanaeleza jinsi mbano huo unavyozaliwa, unavyopandisha bei na unavyokwisha. Lengo lake ni kumwezesha msomaji kutambua tofauti kati ya bei inayopanda kwa sababu kampuni ina thamani zaidi na bei inayopanda kwa sababu wadaiwa wamebanwa.

Kuuza kitu ulichokopa

Tuanze na mfano wa mahindi. Tuseme ni mwezi Januari na gunia la mahindi linauzwa Sh 80,000. Wewe unaamini kwamba baada ya mavuno bei itashuka. Unakwenda kwa jirani mwenye akiba, unamkopa gunia moja na kumwahidi kumrudishia gunia kama hilo mwezi Julai, pamoja na ada ndogo. Unaliuza gunia sokoni kwa Sh 80,000. Mwezi Julai ukifika na gunia likawa Sh 50,000, unanunua moja, unamrudishia jirani, na Sh 30,000 zinabaki mkononi mwako, ukiondoa ile ada.

Lakini mvua zikikosekana na gunia likafika Sh 150,000, jirani hatakubali umrudishie Sh 80,000 ulizopata. Deni lako si fedha. Deni lako ni gunia. Itakubidi ulinunue kwa bei yoyote ile, na hasara ya Sh 70,000 itakuwa yako.

Uuzaji wa hisa za kukopa hufuata njia hiyo hiyo. Mwekezaji anayeamini kwamba bei ya hisa fulani itashuka hukopa hisa hizo kupitia kwa dalali wake. Wakopeshaji kwa kawaida ni mifuko ya pensheni, kampuni za bima na taasisi nyingine zinazoshikilia hisa kwa miaka mingi na kupata ada kwa kuzikopesha. Mkopaji huziuza sokoni mara moja, kisha husubiri. Bei ikishuka, hununua hisa kwa bei ya chini, huzirudisha na kubaki na tofauti. Biashara hii ni halali katika masoko mengi makubwa duniani. Katika masoko ya Afrika Mashariki bado ni ndogo. Kenya, kwa mfano, iliiwekea kanuni zake mwaka 2017.

Hapa pana tofauti moja ambayo msomaji anapaswa kuishika kabla ya kuendelea. Mtu anayenunua hisa kwa Sh 200,000 anaweza kupoteza Sh 200,000 na si zaidi, kwa kuwa bei haiwezi kushuka chini ya sifuri. Mtu anayeuza hisa za kukopa hana kikomo cha hasara, kwa kuwa hakuna kiwango ambacho bei haiwezi kukivuka inapopanda. Kwa sababu hiyo, dalali hawezi kumwacha asubiri bila dhamana.

Namna dalali anavyolazimisha ununuzi

Tuchukue mfano wenye tarakimu. Mwekezaji amekopa hisa 100 na kuziuza kwa Sh 2,000 kila moja. Amepata Sh 200,000, lakini fedha hizo hubaki katika akaunti yake kwa dalali. Zaidi ya hapo, dalali anamtaka aweke fedha zake mwenyewe, tuseme Sh 100,000, kama amana. Akaunti sasa ina Sh 300,000, na deni lake ni hisa 100.

Tuseme pia kwamba kwa masharti ya dalali huyo, fedha zinazobaki katika akaunti baada ya kuondoa gharama ya kununua hisa zinazodaiwa hazipaswi kupungua chini ya asilimia 30 ya gharama hiyo. Kiwango halisi hutofautiana kati ya nchi na nchi na kati ya dalali mmoja na mwingine, lakini kanuni ni ile ile.

Bei ya hisa ikipanda hadi Sh 2,400, kuzinunua hisa 100 kutagharimu Sh 240,000. Katika akaunti yenye Sh 300,000, kinachobaki ni Sh 60,000, yaani asilimia 25 tu ya gharama hiyo. Kiwango kinachotakiwa ni Sh 72,000. Dalali atamtaka mteja aongeze Sh 12,000 mara moja, mara nyingi siku hiyo hiyo. Mteja asipoleta fedha, dalali ana haki kwa mujibu wa mkataba kuingia sokoni, kununua hisa 100 kwa bei iliyopo na kulifunga deni bila kungoja ruhusa.

Dalali hafanyi hivyo kwa chuki, bali hujilinda. Bei ikifika Sh 3,000, akaunti nzima inakuwa imeisha, na kuanzia hapo kila shilingi inayoongezeka ni hasara ambayo dalali mwenyewe anaweza kuibeba iwapo mteja atashindwa kulipa.

Ipo njia ya pili ya kulazimishwa. Mwenye hisa aliyezikopesha anaweza kuzidai wakati wowote, aghalabu kwa sababu anataka kuziuza bei ikiwa juu. Dalali akipata hisa nyingine za kukopa, atazihamishia kwa mteja na mambo yataendelea. Asipozipata, mteja atalazimika kununua na kurudisha, hata kama ana fedha tele za kuongeza amana na hata kama hoja zake kuhusu udhaifu wa kampuni ni sahihi kabisa.

Ununuzi unaozaa ununuzi

Muuzaji wa hisa za kukopa hatoki katika biashara yake kwa kuuza. Hutoka kwa kununua. Katika soko la kawaida, bei inapopanda sana wanunuzi hupungua, na kupungua huko huituliza. Katika mbano mambo huwa kinyume: kadiri bei inavyopanda, ndivyo wanunuzi wa lazima wanavyoongezeka.

Tuseme siku hiyo walio tayari kuuza hisa za kampuni yetu ni wachache. Mmoja anauza hisa 500 kwa Sh 2,400, mwingine hisa 300 kwa Sh 2,450, na wa tatu hisa 200 kwa Sh 2,600. Dalali mmoja anayefunga madeni ya wateja wake anahitaji hisa 1,000. Atazichukua zote, na hisa ya mwisho atailipia Sh 2,600. Hiyo ndiyo bei itakayosomwa na soko zima.

Sasa yupo mwekezaji mwingine aliyekopa na kuuza hisa zake kwa Sh 2,200, akiweka amana kwa uwiano ule ule. Yeye alikuwa salama bei ilipokuwa Sh 2,400. Lakini kwa masharti yale yale, amana yake hupungua mno bei inapovuka takriban Sh 2,540. Ununuzi wa dalali wa kwanza, uliofikisha bei Sh 2,600, umemtia mtegoni. Naye atanunua, bei itapanda tena, na itamfikia wa tatu aliyeuza kwa Sh 2,500. Hakuna hata mmoja kati yao aliyebadili maoni yake kuhusu kampuni. Wote bado wanaweza kuamini kwamba hisa hiyo haifiki hata Sh 1,500.

Watazamaji nao huingia. Wapo wanaonunua kwa makusudi wakijua kwamba wadaiwa watalazimika kuwafuata, na wapo wanaonunua kwa sababu tu wameona bei inapanda. Wenye hisa ambao wangeuza nao husita, wakitarajia bei bora kesho. Hivyo wanunuzi huongezeka na wauzaji hupungua kwa wakati mmoja.

Volkswagen, Oktoba 2008

Mfano unaoonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi ulitokea Ujerumani, katika hisa za kawaida za kampuni ya magari ya Volkswagen. Tangu mwaka 2005 kampuni ndogo zaidi ya Porsche ilikuwa ikinunua hisa za Volkswagen hatua kwa hatua. Mwezi Machi 2008 Porsche ilikanusha habari kwamba ilinuia kufikisha umiliki wa asilimia 75.

Mwaka huo uchumi wa dunia ulikuwa ukiporomoka. Benki ya Lehman Brothers ilianguka mwezi Septemba na mauzo ya magari yalikuwa yakipungua. Hata hivyo, hisa za kawaida za Volkswagen zilibaki na bei ya juu, na zilikuwa ghali mno zikilinganishwa na hisa za upendeleo za kampuni hiyo hiyo, ambazo hazina haki ya kupiga kura. Mifuko mingi ya uwekezaji iliona kwamba tofauti hiyo haiwezi kudumu. Ilikopa hisa za kawaida na kuziuza, ikingoja zishuke. Hisa zilizokopwa na kuuzwa zilifikia takriban asilimia 12 hadi 13 ya hisa zote za kawaida.

Hoja ya mifuko hiyo kuhusu bei ilikuwa na mantiki. Jambo ambalo haikulijua ni mahali zilipo hisa zenyewe.

Jumapili tarehe 26 Oktoba 2008, Porsche ilitangaza kwamba ilimiliki asilimia 42.6 ya hisa za kawaida za Volkswagen, na kwamba ilikuwa na mikataba ya haki za ununuzi inayohusu asilimia nyingine 31.5. Mikataba hiyo ilikuwa ya kulipwa kwa fedha taslimu, na sheria za wakati huo hazikulazimisha itangazwe kwa umma. Lakini benki zilizoingia mikataba hiyo na Porsche zilihitaji kujikinga dhidi ya kupanda kwa bei, na njia ya kawaida ya kujikinga ni kuzinunua hisa zenyewe na kuzishikilia. Kwa hiyo hisa hizo nazo hazikuwa sokoni.

Ongeza hapo jimbo la Saksonia Chini, lililomiliki zaidi kidogo ya asilimia 20 na halikuwa na nia ya kuuza. Jumla ya Porsche, mikataba yake na jimbo hilo ilikuwa takriban asilimia 94. Hisa zilizobaki huru hazikufika asilimia 6, na sehemu ya hizo ilishikiliwa na mifuko inayolazimika kuwa na hisa za kila kampuni iliyomo katika faharisi kuu ya soko la Ujerumani.

Msomaji anaweza kuuliza: inawezekanaje hisa zilizokopwa na kuuzwa ziwe asilimia 12, ilhali zilizo huru ni chini ya 6? Jibu ni kwamba hisa iliyokopwa haipotei inapouzwa. Huenda kwa mnunuzi mpya, naye huimiliki kihalali na anaweza kuamua kutoiuza. Mkopeshaji wa awali bado anaidai yake. Hivyo hisa moja inaweza kuwa na mmiliki aliyeinunua na wakati huo huo kuwa deni kwa mtu mwingine. Hisa za Volkswagen zilizouzwa na wakopaji zilikuwa zimeingia mikononi mwa watu wasiouza. Madeni yalikuwa takriban maradufu ya hisa ambazo mtu angeweza kuzinunua ili kuyalipa.

Ijumaa kabla ya tangazo, bei ilikuwa takriban euro 210. Jumatatu tarehe 27 Oktoba soko lilipofunguliwa, kila mwenye deni alifanya hesabu ile ile na kukimbilia kununua. Siku iliisha bei ikiwa euro 520. Jumanne tarehe 28 bei ilivuka euro 1,000 kwa muda mfupi, na kwa bei hiyo Volkswagen ilikuwa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote duniani, ikiipita hata kampuni ya mafuta ya Exxon Mobil. Mwisho wa siku bei ilikuwa euro 945.

Katika siku hizo mbili Volkswagen haikuuza magari zaidi. Bei ya euro 1,000 haikueleza lolote kuhusu viwanda vyake. Ilieleza kiasi ambacho mdaiwa wa mwisho alikuwa tayari kulipa ili aondokane na deni lisilo na kikomo. Mfuko uliokuwa umeuza hisa 100 kwa euro 210 ulikuwa umepokea euro 21,000. Kuzinunua tena jioni ya Jumanne kuligharimu euro 94,500, yaani hasara ya euro 73,500 kwa kila hisa 100. Baadhi ya mifuko ilikuwa na hisa za namna hiyo kwa mamia ya maelfu.

Mbano hukwishaje

Jumatano tarehe 29 Oktoba Porsche ilitangaza kwamba itafunga sehemu ya mikataba yake, kiasi cha hadi asilimia 5 ya hisa za kawaida, ili kupunguza shinikizo. Asilimia 5 yaonekana kuwa kitu kidogo. Lakini katika soko ambalo hisa huru hazikufika asilimia 6, ilikuwa karibu sawa na kuziongeza maradufu. Siku hiyo bei ilishuka hadi takriban euro 517. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa chini ya euro 300.

Tuangalie sasa mtu wa tatu katika kisa hiki, ambaye hakuuza hisa za kukopa wala hakuwa Porsche. Ni yule aliyeona bei ikipanda siku mbili mfululizo na kununua hisa 100 jioni ya Jumanne kwa euro 945. Alilipa euro 94,500. Jioni iliyofuata hisa zake zilikuwa na thamani ya takriban euro 51,700. Alipoteza karibu euro 42,800 kwa siku moja, bila kampuni yenyewe kupatwa na jambo lolote baya.

Sababu ya anguko hilo imo katika namna mbano unavyofanya kazi. Mnunuzi wa lazima hununua mara moja tu. Akisharudisha hisa alizokopa, hana haja tena ya hisa ile kwa bei yoyote, na tangu mwanzo aliamini kuwa ni ghali. Anapoondoka, nafasi yake haichukuliwi na mtu anayeithamini kampuni kwa bei hiyo. Kupanda kwa bei kunamaliza lile lile kundi lililoipandisha.

Viongozi wawili wa zamani wa Porsche walishtakiwa baadaye kwa kuhadaa soko, na mwezi Machi 2016 mahakama ya Stuttgart iliwaachia huru. Kisa hicho kinaonyesha kwamba mbano mkubwa unaweza kutokea bila mahakama kumkuta mtu na hatia. Mwekezaji asitegemee kwamba hasara ya namna hii italipwa na mtu mwingine.

Watu wa kawaida walipoingia: GameStop, Januari 2021

Huko Ujerumani waliobanwa na waliobana walikuwa hasa taasisi kubwa. Mwaka 2021 nchini Marekani waliingia watu wa kawaida wenye simu za mkononi. GameStop ni kampuni ya maduka ya michezo ya video ambayo biashara yake ilikuwa ikidorora. Hisa zake zilizokopwa na kuuzwa zilizidi asilimia 100 ya hisa zilizo huru sokoni, jambo linalowezekana kwa kuwa mnunuzi wa hisa iliyokopwa anaweza naye kuikopesha. Wawekezaji wadogo waliitambua hali hiyo na kuanza kununua kwa wingi.

Mwanzoni mwa Januari bei ilikuwa kati ya dola 17 na 20. Tarehe 28 Januari ilifika dola 483 katikati ya siku. Siku hiyo hiyo baadhi ya madalali, wakiwa wametakiwa na taasisi inayosimamia malipo ya soko kuweka amana kubwa zaidi, waliwazuia wateja wao kununua zaidi na kuwaruhusu kuuza tu. Bei ilianguka. Tarehe 2 Februari ilifungwa kwa dola 90, na siku mbili baadaye ilikuwa chini ya dola 60. Mfuko wa Melvin Capital, uliokuwa miongoni mwa wauzaji wa hisa hizo, ulipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake katika mwezi huo mmoja.

Tume inayosimamia dhamana nchini Marekani ilichunguza jambo hilo, na mwezi Oktoba 2021 wataalamu wake walitoa ripoti yenye funzo muhimu. Walikuta kwamba wauzaji waliobanwa walinunua kweli na kuchangia kupanda kwa bei, lakini ununuzi wao ulikuwa sehemu ndogo ya ununuzi wote. Sehemu kubwa ilitoka kwa watu walionunua kwa hiari, na hao ndio walioiweka bei juu kwa majuma kadhaa. Kwa maneno mengine, wengi walionunua wakiamini kwamba watauziana na wadaiwa waliokwama, kwa kweli walikuwa wakiuziana wao kwa wao.

Namna ya kuitambua hali ya mbano

Katika masoko makubwa, taarifa za hisa zilizokopwa na kuuzwa hutangazwa kwa vipindi maalumu. Mwekezaji anayefikiria kununua hisa inayopaa anaweza kuzitumia kupima mambo mawili.

La kwanza ni uwiano kati ya hisa zilizouzwa kwa kukopwa na hisa zilizo huru. Usilinganishe na hisa zote za kampuni. Kama Volkswagen ilivyoonyesha, asilimia 12 ya hisa zote inaweza kuwa zaidi ya asilimia 200 ya zile zinazoweza kununuliwa. Ondoa kwanza hisa za serikali, za waanzilishi na za kampuni mama, kisha ndipo ulinganishe.

La pili ni idadi ya siku ambazo wadaiwa wangehitaji ili wote wanunue. Ikiwa hisa milioni 6 zimeuzwa kwa kukopwa na kwa wastani hisa milioni 1 hubadilishana mikono kila siku, wangehitaji siku 6 hata kama wangekuwa wanunuzi pekee. Siku moja au mbili ni jambo la kawaida. Zikikaribia 10, hatari ya msongamano huwa kubwa.

Vipimo hivi vina mipaka. Kwanza, hutangazwa kwa kuchelewa: taarifa unayoisoma leo inaweza kuwa ya wiki mbili zilizopita, na katika mbano, wadaiwa wengi wanaweza kuwa wamekwisha kununua na kuondoka kabla hujaisoma. Pili, kiwango kikubwa cha hisa zilizouzwa kwa kukopwa hakimaanishi kwamba mbano utatokea. Mara nyingi wauzaji hao huwa sahihi: kampuni ni dhaifu kweli, na bei yake hushuka taratibu hadi kampuni ifilisike. Mbano huhitaji cheche, kama vile tangazo lililofichua uhaba wa hisa, pamoja na hisa chache zilizo huru. Anayenunua hisa ya kampuni inayokufa kwa sababu tu imeuzwa sana anaweza kungoja cheche hiyo hadi fedha zake ziishe.

Kabla ya kununua au kuuza

Ukiona bei ya hisa imepaa kwa siku chache, tafuta kwanza sababu inayoihusu kampuni yenyewe: taarifa ya hesabu, mkataba, ununuzi wa kampuni nyingine. Usipoipata, na ukakuta kwamba hisa hiyo ilikuwa imeuzwa mno kwa kukopwa, chukulia kwamba bei unayoiona imewekwa na watu wasio na hiari. Kisha jiulize swali moja: hao wakisha kununua, nitamuuzia nani kwa bei hii? Kama jibu pekee ni mtu mwingine anayetarajia bei ipande zaidi, basi hujanunua sehemu ya kampuni, umenunua nafasi katika foleni.

Kuwa mwangalifu pia na agizo la kununua kwa bei yoyote iliyopo sokoni. Katika siku kama ile ya Jumanne tarehe 28 Oktoba 2008, bei iliyo mbele yako unapobonyeza na bei utakayolipa zinaweza kutofautiana kwa mamia ya euro. Agizo lenye kikomo cha bei linakukinga, kwa kuwa halitekelezwi bei ikivuka kikomo hicho.

Hatimaye, wapo wasomaji wanaotumia programu za simu zinazowaruhusu kufaidika na kushuka kwa bei za hisa za nchi za nje, aghalabu kupitia mikataba ya tofauti ya bei. Anayefungua mkataba wa namna hiyo yumo katika nafasi ya yule muuzaji wa hisa za kukopa, hata kama hakukopa hisa yoyote kwa mkono wake. Kabla ya kufungua mkataba, hakikisha kwamba dalali ana leseni, kisha soma sehemu ya masharti inayoeleza mambo matatu: amana inapopungua kiasi gani ndipo mkataba hufungwa, kama utapewa muda wa kuongeza fedha au utafungwa papo hapo, na kama unaweza kudaiwa zaidi ya fedha ulizoweka. Iwapo masharti hayajibu swali hilo la tatu kwa maandishi, usiuze.